Kijana wa Bango la Bawasiri

Mpiga picha wa mtaa ule aliitwa Usicheke, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila aliyeketi kwenye kigoda chake kupigwa picha ya kitambulisho alilisikia neno hilo kabla hata hajasalimiwa. "Usicheke. Kidevu juu kidogo. Mama, nimesema usicheke." Watu walitoka pale wamenuna kama wamefiwa, na kwenye vitambulisho vyao wamenuna mpaka leo. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa masihara na moyo mweupe, ila alikuwa na kasoro moja kubwa: aliogopa ugomvi kuliko alivyoogopa njaa. Kumkatalia mtu kitu usoni kulimtoa jasho, na kukataliwa kulimtoa jasho zaidi. Woga huo ndio uliomponza.

Siku moja alitembelewa na dada mmoja mwenye viatu vya kelele, mtu wa masoko kutoka kampuni ya dawa za mitishamba. Kampuni ilitaka bango kubwa, la kusimama pale kwenye kona ya duka la dawa ambapo barabara zote za mtaa zinakutana. Usicheke alikuwa amechoka na picha za kununa. Alikuwa ameingoja kazi ya namna hii tangu alipofungua studio, na aliikubali kabla hajauliza dawa yenyewe ni ya nini.

Ilikuwa dawa ya bawasiri.

"Tunataka sura ya mtu wa kawaida," alisema Dada wa Masoko. "Kijana wa makamo, mwenye nuru, aliyeteseka na sasa amepona. Watu wamwone waseme, huyu ni wa kwetu. Na usisahau ridhaa yake. Asaini fomu ya kukubali picha itumike kwenye tangazo, na iandikwe wazi ni tangazo la nini. Mambo ya ugonjwa hayataki mchezo."

Usicheke alianza na kinyozi wa jirani, mwanamume mtanashati aliyezoea kujipiga picha asubuhi na jioni. Kinyozi alifurahi sana, akaanza kujipaka mafuta usoni, mpaka alipoambiwa ni bawasiri. Aliinua mkasi. Usicheke akaenda kwa binamu yake, naye akamuuliza kama ugomvi wao wa zamani haukuisha. Muuza viatu alisema kama ni soda yuko tayari hata sasa hivi, lakini sehemu hiyo ya mwili haiongelei hata kwa daktari. Kila mtu alitaka kuonekana kwenye bango, na hakuna aliyetaka kuonekana na bawasiri. Mtu mwenye akili zake angeelewa hapo hapo kwamba jibu ni hapana. Usicheke alielewa kitu kingine: kwamba kuuliza ndiko kunakoleta matatizo.

Akarudi studio, akafunga mlango, akafungua kompyuta. Wazo lilikuwa jepesi. Kama hakuna mtu anayekubali, atatengeneza mtu asiyekuwepo. Atachukua macho huku, mdomo kule, pua pale, avichanganye mpaka atoke binadamu mpya ambaye hana mama wala baba wala mahali pa kulalamikia. Tatizo la kazi hiyo ni mwanga. Ukichukua jicho lililopigwa asubuhi ukalibandika juu ya pua iliyopigwa jioni, kivuli kimoja kinakwenda kushoto na kingine kulia, na mtu anaonekana kama kafufuka vibaya. Alihitaji nyuso zilizopigwa siku moja, taa ile ile, ukuta ule ule.

Alizipata. Familia ya jirani, Fundi Saa na mkewe na binti yao, walikuwa wamekuja pamoja mchana mmoja kupigwa picha za kadi za bima ya afya. Usicheke alichukua macho na paji la uso la Fundi Saa, akayapunguzia makunyanzi. Akachukua mdomo wa mkewe, yule mshonaji aliyejulikana mtaa mzima kama Mama Mapazia, akauwekea kivuli cha masharubu na kuufundisha kucheka, maana kwenye picha ya bima alikuwa amemkataza. Pua aliitoa kwa binti, aliyekuwa mwalimu wa chekechea. Shingo na mabega alikosa, kwa sababu siku ile Fundi Saa alivaa koti lililochakaa. Basi akajipiga picha mwenyewe na shati lake la mirabaraba ya kijani, akamvalisha kijana huyo mpya.

Alipomaliza aliegemea kiti akamtazama kijana yule. Alikuwa mzuri ajabu. Kila kitu kilikaa mahali pake kama aliyezaliwa hivyo, na Usicheke alijisifu kwa ustadi wa mikono yake. Hakujiuliza hata mara moja kwa nini sura zile zilikubaliana kirahisi namna ile.

"Huyu ndiye!" alisema Dada wa Masoko. "Fomu yake iko wapi?"

"Hana fomu. Huyu mtu hayupo. Nimemtengeneza kwa kompyuta."

"Hayupo kabisa?"

"Kabisa. Ungemtafutia wapi saini mtu asiyekuwepo?"

Dada alifikiri kidogo, kisha akamwambia aandike na kusaini kwamba picha ile si ya mtu yeyote. Usicheke akasaini. Kwa maoni yake hakusema uongo, kwa sababu kweli, mtu wa namna ile hakuwepo.

Bango likasimama kwenye kona, refu kuliko duka lenyewe. Kijana wa mirabaraba alitabasamu juu ya mtaa mzima, na chini ya kidevu chake maneno yaliwaka kwa rangi nyekundu: NILITESEKA KIMYAKIMYA. LEO NAKAA POPOTE!

Asubuhi moja, haikupita wiki, Usicheke alimkuta Fundi Saa nje ya duka lake la saa ananawa uso kwa maji ya birika. Shati limekunjamana, mvi zimesimama upande mmoja. Ndani, nyuma ya meza ya saa, kulikuwa na mkeka na mto.

"Vipi tena, mzee wangu? Umelala dukani?"

"Nimefukuzwa, mwanangu." Fundi Saa alijifuta kwa mkono wa shati, kisha akasema kwa upole wa mtu anayepeleka habari za msiba: "Nimeambiwa nina mtoto."

"Mtoto gani?"

"Wa nje. Yuko pale kwenye kona. Ana bawasiri."

Fundi Saa aliendelea. Mkewe alikuwa anatoka sokoni, akainua macho, akaweka kapu chini katikati ya barabara. Aliyaona macho ya mumewe. Aliiona pua ya bintiye. Alirudi nyumbani hajanunua hata kitunguu, akamvuta mumewe mkono mpaka chini ya bango, akamwambia, haya, nieleze.

"Na wewe ukasemaje?"

"Nilikana. Nilikana sana. Lakini yule kijana aliendelea kunitazama, mwanangu, na mimi macho yangu nayajua, nayaona kwenye kioo cha saa siku nzima. Mwisho nikasema labda."

"Labda?"

"Labda ni wa zamani. Kabla ya ndoa. Labda." Fundi Saa alitikisa kichwa. "Mpaka sasa sijui neno lile lilitokea wapi."

Hapo ndipo Usicheke alipopaswa kusema. Ulimi uliinuka, ukagusa meno, ukarudi kulala. Alifikiria bango, Dada wa Masoko, saini yake, na zaidi ya yote alifikiria uso wa Mama Mapazia. Akamwambia mzee ajikaze, mambo yatatulia. Kisha akaingia studio akakaa kwenye kigoda cha wateja, na siku hiyo hakukuwa na haja ya mtu kumwambia asicheke.

Mambo hayakutulia. Mchana Mama Mapazia mwenyewe aliingia, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, pini mbili mdomoni. Alizitoa pini, akazichoma kwenye kola yake, akasema, "Mwanangu, wewe unamjua."

"Nani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Amevaa shati lako. Kifungo cha pili nilikishona mimi, nilikosa cha kijani nikakuwekea cha bluu. Nimesimama pale chini nimekiona kifungo changu kikubwa kama sahani. Kwa hiyo amefika hapa, umempiga picha, na hali yake ilikuwa mbaya mpaka ukamwazima nguo. Kweli si kweli?"

Usicheke alijitazama kifuani kama aliyelivaa bado shati lile.

"Sikulaumu. Umemsitiri mtoto wa watu, Mungu akuzidishie. Lakini sasa nipeleke alipo." Sauti yake ilishuka. "Baba yake nimemfukuza, na hatarudi mpaka aseme kweli. Hayo ni ya kwetu sisi wawili. Lakini mtoto kosa lake nini? Ameteseka kimyakimya, imeandikwa pale! Na baba yake anatengeneza saa! Nimekiondoa kitambaa chote kwenye kile chumba cha nyuma, nimetandika kitanda. Nimeshona na pazia."

Mama Mapazia na mumewe walikuwa wamengoja mtoto wa pili miaka mingi, na hakuja. Hilo lilijulikana mtaani na halikusemwa. Kile chumba cha nyuma kilijazwa vitambaa ili kisionekane kitupu. Usicheke alilijua hilo, na aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Kitu kimoja tu sikipendi kwake," Mama Mapazia aliongeza akigeuka kuondoka. "Ule mdomo. Macho ya baba, pua ya dada yake, sawa. Lakini mdomo ule ni wa mama yake, na ninakwambia mwanamke yule alikuwa mkorofi. Mdomo mpana, umekaa kimaringo maringo. Mdomo wa mtu anayependa kusema mwisho."

Alipotoka tu, Usicheke alimpigia simu Dada wa Masoko na kummwagia yote bila kupumua. Kisha Dada akaongea taratibu, kwa ule utaratibu unaotisha kuliko kelele.

"Uliniandikia hakuna mtu. Kumbe wako watatu."

"Lakini nimewabadilisha, dada. Nimewahariri sana."

"Na mama wa watu amesimama barabarani akamtambua mumewe. Kumhariri mtu hakumfanyi asiwe mtu. Macho ni ya mtu, pua ni ya mtu. Kila mmoja ulipaswa umwombe."

"Walinilipa kupigwa picha..."

"Walilipa wapate picha zao za bima. Hawakukupa nyuso zao ufanyie biashara. Sikiliza. Bango nitalishusha kesho asubuhi. Wewe nenda kawaambie ukweli, wote watatu, kila mmoja ajue kilichofanywa na uso wake. Usiende na fomu kuwabembeleza wasaini ili wewe upone. Wakipenda wenyewe libaki, watasema; wakikataa, wamekataa. Na kazi nyingine tutaongea siku nyingine, kama tutaongea."

Usicheke alijua maana ya "kama" ile. Hata hivyo alipiga moyo konde. Jioni, jua bado liko juu ya mabati, alimchukua Fundi Saa dukani kwake, akamvusha mlango wa nyumba yake mwenyewe kama mgeni, akamkalisha kwenye sebule iliyojaa marundo ya kitambaa. Mama Mapazia alikuwa kwenye cherehani. Binti mwalimu alikuwa amekuja kuamua ugomvi wa wazazi, na alikuwa na chaki kwenye mkono wa gauni. Usicheke aliweka kompyuta juu ya meza ya kukatia nguo.

"Yuko wapi?" Mama Mapazia aliuliza, akitazama mlangoni nyuma yake.

"Hayupo, mama. Hajawahi kuwepo." Na kwa sababu alijua akisimama hataweza kuanza tena, alisema yote kwa pamoja: bawasiri, kinyozi na mkasi, picha za bima, mwanga. "Macho ni ya mzee. Pua ni ya mwalimu. Shingo na shati ni vyangu. Sikuwaomba. Nilijua mkiulizwa mtakataa, ndiyo maana sikuuliza. Nimewakosea."

Aligeuza kioo cha kompyuta akawaonyesha. Aliondoa macho, yakarudi kwenye uso wa Fundi Saa ulionuna. Aliondoa pua, ikarudi kwa mwalimu. Pale katikati pakabaki tabasamu linaelea peke yake.

Mama Mapazia alilitazama kwa chuki. "Na huo mdomo mbaya umeutoa kwa nani?"

Fundi Saa alisogea mbele akatazama, na kwa mara ya kwanza wiki ile uso wake ulikunjuka.

"Mke wangu," alisema polepole, "mdomo huo naufahamu. Umenifukuza nyumbani juzi."

Mwalimu ndiye aliyeanza. Alijaribu kujizuia, akajiziba kwa kitambaa cha pazia, halafu akashindwa, akaanguka juu ya rundo la vitambaa anacheka mpaka anakohoa. "Mpana! Wa kimaringo! Mama, umeutukana mdomo wako mtaa mzima! Kwa muuza mboga umeutukana!" Mama Mapazia alijishika midomo kwa vidole kama anayeipima. Alitaka kukasirika, akatafuta wa kumkasirikia, wakawa wengi mno. Mwisho mabega yake yakaanza kutikisika.

Kicheko kilipokwisha, alijifuta macho akamgeukia mumewe. Hakuwa anacheka tena.

"Haya. Mtoto hayupo. Lakini ile labda yako ipo. Uliisema kwa mdomo wako, na huo hakuna aliyeuhariri."

Usicheke angetoa kamera zake zote awe mahali pengine.

"Sina mtoto wa nje," alisema Fundi Saa. "Sikuwahi kuwa naye, na nilikuwa najua sina. Lakini wewe ulinisimamisha pale barabarani, watu wanapita, na yule kijana ananitazama kwa macho yangu, imeandikwa ameteseka. Nikafikiri, kama nikisema si wangu, atakuwa wa nani?" Aliangalia viatu vyake. "Nilishindwa kumkana. Basi."

Mama Mapazia alinyoosha mkono, akamlainishia mumewe zile mvi zilizosimama upande mmoja. "Mzee mjinga wewe," alisema. "Ulikuwa unamkubali mtoto wa kompyuta."

"Na wewe ulimtandikia kitanda."

Usicheke alianza kufunga kompyuta ili aondoke kabla bahati haijageuka. "Nitamfuta sasa hivi, huku mkiona. Bango linashuka kesho. Wenyewe wamesema kama mngependa libaki mnaweza kusaini fomu ya ridhaa, lakini sikuja kuwaomba hilo."

"Mimi hapana," mwalimu alisema papo hapo. "Wazazi wa watoto wananisalimia kwa pua hii. Haiuguzi bawasiri ya mtu."

"Na mimi hapana," alisema mama yake. Halafu akamzuia mkono. "Ngoja kwanza. Hiyo fomu, mtu anaweza kukubali kitu kimoja akakataa kingine?"

"Ndiyo, mama. Unaandika picha itumike wapi na kwa kazi gani. Nje ya hapo hairuhusiwi."

"Unayo?"

Alikuwa nayo kwenye mkoba, karatasi tupu. Mama Mapazia alivaa miwani, akasoma kila mstari kwa sauti, akamfanya Usicheke aeleze kila neno, na alipofika kwenye nafasi ya matumizi aliandika kwa herufi kubwa za mshonaji: NAKALA MOJA. UKUTA WA CHUMBA CHA NYUMA. PASIWE NA TANGAZO WALA UGONJWA. Akasaini. Mwalimu alimtazama mama yake, na yeye alikijua kile chumba kuliko mtu yeyote, kwa maana ndiye aliyelala upande wa pili wa ukuta wake utoto wake wote peke yake. Alichukua fomu ya pili akanakili maneno yale yale bila kuuliza.

Ikabaki ya Fundi Saa.

"Nitie saini na mimi kwa niaba yake?" mkewe aliuliza, kalamu mkononi.

"Haiwezekani, mama," alisema Usicheke, na safari hii hakutoka jasho. "Macho ni yake. Akikataa, namfuta."

Fundi Saa aliweka kioo chake cha kukuzia jichoni, kile cha kutazamia saa ndogo, akainama mbele ya kompyuta. Usicheke alikuwa amerudisha kila kitu mahali pake. Mzee alimkagua kijana yule kutoka paji la uso mpaka kwenye kile kifungo cha bluu, bila haraka. Mkewe alisimama nyuma yake na hakusema neno, jambo ambalo kwake lilikuwa gumu.

"Nitasaini," alisema mwisho, akiondoa kioo jichoni. "Lakini kwanza umvue hilo shati. Mke wangu ni mshonaji. Mwanangu hawezi kukaa nyumbani kwake na nguo ya kuazima."